Uzi: Mfumo umerudi alfajiri, dozi za usiku ziko kwenye karatasi. Zinaingizwa kwa saa ipi?

#1 Pasua_Wodini
Wakuu, habari za jioni. Wenye uzoefu wa wodi za wazazi na wale wa TEHAMA, naomba mnisaidie kuisoma kesi hii. Hospitali siitaji, iko huku huku Kilimanjaro.

Jumanne tarehe 14 umeme ulikatika saa 3:30 usiku. Jenereta likawaka, taa zikarudi, seva ikagoma. Mfumo umerudi Jumatano saa 10:50 alfajiri. Katikati hapo wodi imeandika kwenye karatasi. Kuna mama mwenye presha kali ya ujauzito aliyeanzishiwa magnesiamu, na karatasi yake ya dawa ina mistari miwili tu:

"4:40 usiku, 4 g mshipani, 5 g + 5 g makalioni"
"8:40 usiku, 5 g kalio la kushoto"

Saa 11:10 alfajiri karani akaingiza yote miwili. Zamu ya asubuhi kufungua skrini, dozi inayofuata imeandikwa 09:10. Sista mmoja anasema si kweli, inayofuata ni saa 12:40 asubuhi. Nani yuko sahihi, na mfumo umeitoa wapi hiyo 09:10?

#2 Njiro_Inverta
Suluhisho ni inverta na betri za maana kwenye chumba cha seva. Mkifunga hivyo hamtasumbuka na karatasi tena. Kama mnahitaji fundi Arusha nipo.

#3 Sista_Ngarenaro
#2 ndugu yangu, swali ni la dozi, wewe unauza betri. Hata seva yenye betri hukatikiwa na mtandao, na siku nyingine diski inakufa mchana kweupe.

#1, sista wenu yuko sahihi. Dozi ya kuendeleza ni 5 g kila saa 4, kalio hili kisha lile. Iliyotolewa saa 8:40 usiku inafuatwa na ya saa 12:40 asubuhi, kwa saa za mfumo 02:40 halafu 06:40. Hiyo 09:10 utaielewa ukirudi nyuma saa 4: unafika 05:10, ndiyo saa 11:10 alfajiri karani alipokuwa anabonyeza. Mfumo umechukua saa ya kuingiza ukaifanya saa ya kuchoma sindano. Mngeifuata skrini, mama angechelewa kwa saa 2 na nusu.

Mifumo mingi inajaza saa ya sasa yenyewe kwenye kisanduku cha "muda wa kutoa". Mchana huoni tatizo kwa sababu unachoma na kuingiza hapo hapo. Siku ya kurudishia karatasi ndiyo kinakuwa mtego, kwani mtu anaona kimeshajazwa anaruka.

#4 SevaNaNyaya
Kabla hamjamlaumu karani, angalieni saa ya seva. Seva iliyozimika ghafla na betri yake ya ubao imechoka huwaka na saa ya ajabu. Nyingine saa ni sahihi ila ukanda wa saa umewekwa wa Greenwich, kila kitu kinarudi nyuma saa 3. Kwenye Linux ni amri moja:

```
timedatectl
```

Mnataka kuona `Time zone: Africa/Dar_es_Salaam (EAT, +0300)` na `System clock synchronized: yes`. Hii ifanyike kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kuingiza mstari hata mmoja. Mimi naamini tatizo la #1 liko hapa.

#5 Sista_Ngarenaro
#4 kuangalia saa kwanza nakubali, ila kwa kesi hii hesabu inakukatalia. Kama seva ingekuwa nyuma saa 3, ile 05:10 ingeandikwa 02:10 na dozi inayofuata ingetoka 06:10. Tumepewa 09:10, na 09:10 inalingana na saa halisi ya kuingiza bila kupungua dakika.

#6 SevaNaNyaya
Sawa, hapo umenipata. Ila bado nasema waangalie. Na hospitali nyingi seva haina intaneti, hivyo hiyo `synchronized` itasema `no` hata saa ikiwa sahihi. Linganisha na simu mbili, isiwe moja.

#7 Kisongo_Mpole
Mbona mnazunguka. Saa ya Kiswahili unaongeza 6 tu unapata ya mfumo. Saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 8 mchana ni 14:00. Wafundisheni makarani hesabu hiyo moja, kazi imeisha.

#8 Binti_Majengo
#7 fanya hesabu yako kwenye mstari wa pili wa #1. Saa 8:40 usiku, ongeza 6, unapata 14:40. Umemchoma mama mchana wa Jumanne kabla hajalazwa 😂

#9 Mzee_wa_Takwimu
Kisongo yuko sahihi nusu. Ya mchana unaongeza 6. Ya usiku unaongeza 18, ikifika 24 au kuzidi unatoa 24 na tarehe inasogea mbele siku moja. Saa 4:40 usiku: 22:40, bado tarehe 14. Saa 8:40 usiku: 26:40, toa 24, inakuwa 02:40 na tarehe ni 15. Saa 6 usiku kamili ni 00:00, tarehe imeshabadilika. Wengi wanapakosea ni hapa kwenye tarehe, kwa sababu kwa mwandishi usiku ni mmoja, hauna tarehe mbili.

Na saa 12 ina sura mbili. Ya jioni ihesabu na mchana, 18:00. Ya asubuhi ihesabu na usiku, 06:00. Hali kadhalika "saa 11 asubuhi" ambayo wengine wanaiita alfajiri: 05:00.

Kuna jambo baya zaidi. Mtu akiandika "usiku wa Jumatano", huyu anasoma usiku unaofuata baada ya mchana wa Jumatano, yule anasoma usiku wa kuamkia Jumatano. Wote wanazungumza Kiswahili safi. Kwenye karatasi ya mgonjwa neno hilo lisitumike peke yake. Andika "usiku wa 14 kuamkia 15", au acha maneno, andika tarehe na 02:40.

#10 Pasua_Wodini
Asanteni. Naongeza taarifa. Mtu wa TEHAMA amefungua kumbukumbu za mfumo. Karani aliandika 08:40 tarehe 15, mfumo ukakataa kwa sababu saa hiyo ilikuwa haijafika. Akafuta. Kisanduku kikabaki kitupu, alipohifadhi kikajazwa chenyewe 05:10. Mstari wa kwanza aliandika 04:40 tarehe 15, ukapokelewa bila ubishi.

#11 Sista_Ngarenaro
Basi hiyo kesi ina makosa mawili yenye sura tofauti. Mfumo ulikataa moja na kupokea jingine, na lililopokelewa ndilo linalonitisha. Kwenye skrini sasa dozi ya kuanzia imetolewa 04:40 na ya kuendeleza 05:10, nusu saa baadaye. Daktari akifungua asubuhi anaona mama amepewa 14 g, halafu 5 g baada ya dakika 30. Hapo atafanya nini? Ama asimamishe dawa inayohitajika, ama aanze kutafuta kalisiamu glukoneti kwa mama ambaye hana sumu yoyote.

Na kuna kosa la kinyume ambalo ni baya zaidi. Chukua mtu aliyezoea saa za simu, aone "8:40 usiku" aiweke 20:40 tarehe 14. Mfumo unapokea, ni saa iliyopita. Sasa skrini ina dozi ya kuendeleza saa 20:40 na ya kuanzia 22:40. Ya mwisho kwa mtiririko wa saa inakuwa ile ya 22:40, kwa hiyo inayofuata ni 02:40, na saa 11:15 alfajiri mstari umeshageuka mwekundu: "imepitiliza". Muuguzi mgeni wa zamu anachoma hapo hapo. Mama amepata 5 g saa 2 na dakika 35 baada ya 5 g nyingine.

Kinachoweza kumwokoa ni vipimo vya kabla ya kila dozi, karatasi haihusiki: goti linaruka, pumzi 16 au zaidi kwa dakika, mkojo usiopungua 30 ml kwa saa kwa saa 4 zilizopita, yaani 120 ml kwenye mfuko. Kimoja kikikosekana huchomi. Lakini vipimo hivyo vinaweza kuzuia dozi ya mapema tu. Dozi iliyochelewa havina habari nayo.

#12 Njiro_Inverta
Kumbe. Nimejifunza leo. Naomba radhi kwa tangazo.

#13 Binti_Majengo
Umesamehewa, ila betri bado hatununui.

#14 Dokta_Soweto_Moshi
Naingilia kwa upande mwingine. Kwa nini karani anaingiza dozi? Dozi iingizwe na aliyeichoma, au muuguzi wa zamu inayofuata akiwa na karatasi mkononi. Karani anaijua "4:40" kama tarakimu. Muuguzi anaijua kama "ile ya kabla daktari hajaja". Anayejua tukio hawezi kuweka dozi ya kuendeleza kabla ya dozi ya kuanzia, macho yake yatakataa.

#15 Mzee_wa_Takwimu
Dokta, kwenye karatasi unachosema ni kizuri. Saa 11 alfajiri wodi ina wauguzi wawili na wagonjwa 30. Ukiwaambia waingize wao, wataingiza saa 3 asubuhi baada ya kukabidhi zamu, wakiwa na usingizi na gari la nyumbani linapiga honi. Karani aliyelala usiku anaandika vizuri kuliko muuguzi aliyekesha. Tatizo ni kwamba amepewa karatasi isiyosomeka bila kutafsiri. Mwandishi akiandika 02:40 na tarehe 15, karani ananakili tu, hafikiri, na hatakiwi kufikiri.

#16 Sista_Ngarenaro
Mimi niko katikati. Karani aingize usajili, kulazwa, kuhamishwa kitanda, vipimo muhimu vya presha na joto. Dawa zilizotolewa aingize muuguzi, na asiyeingiza asome kwa sauti kutoka karatasi huku mwingine akifuata skrini: jina, dawa, kipimo, njia, tarehe, saa. Dawa zikaguliwe zote, mstari kwa mstari. Maelezo marefu ya daktari unaweza kukagua machache kwa kuchagua.

Na mtu asitumie nywila ya mwenzake "kwa sababu ndiye aliyechoma". Unaingia kwa jina lako, unaandika kwenye maelezo: "Imeingizwa 15, 05:10 kutoka karatasi namba fulani. Imetolewa na fulani, 02:40." Mfumo unahifadhi nani kaandika, karatasi inahifadhi nani kafanya, na vyote viwili vinabaki kweli.

#17 Kisongo_Mpole
Hayo ya kuingiza kila kitu ni mateso. Piga picha karatasi, tupia kwenye faili la mgonjwa, basi. Au kwenye grupu la wodi la Wasapu ili zamu inayofuata ione.

#18 Dokta_Soweto_Moshi
Grupu la Wasapu hapana. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni taarifa nyeti. Jina la mama na hali yake kwenye simu za watu 40, wengine wameshahama hospitali. Usijaribu.

Skana kwenye faili ni jambo jingine, hapo nakuunga mkono kwa sehemu. Maelezo yangu ya kumwona mgonjwa, kurasa mbili za mwandiko, yaskaniwe, kisha niandike mistari mitatu ya kuyaelekeza. Lakini vitu ambavyo mfumo unavifanyia hesabu au kuvitolea onyo haviwezi kukaa kwenye picha. Mzio, dawa zilizotolewa, dawa zinazoendelea, uzito wa mtoto, majibu ya maabara. Picha ya karatasi iliyoandikwa "mzio wa penisilini" haitamzuia mtu kuagiza ampisilini wiki ijayo.

#19 Mtu_wa_Bima
Salaam. Mimi swali langu ni la NHIF. Mgonjwa aliyehudumiwa wakati mfumo umelala, namba ya idhini inapatikanaje na tarehe ya huduma ni ipi? Watu wanaingiza kesho yake na madai yanatoka na tarehe ya kesho.

#20 Mzee_wa_Takwimu
#19 tarehe ya huduma ni siku aliyohudumiwa, hata ukiingiza baada ya siku tatu. Namba ya idhini sitaki kukudanganya kwa hospitali nisiyoijua, ulizia kitengo chenu cha bima wana njia ipi wakati mtandao haupo. Ninachoweza kusema ni kwamba kosa la tarehe linakwenda mbali kuliko bima. Karatasi za usiku wa kuamkia tarehe 1 zikiingizwa kwa tarehe ya leo, wagonjwa wa mwezi uliopita wanahamia mwezi mpya, na ripoti ya mfumo haitalingana na vitabu vya MTUHA. Mkigombana kuhusu idadi ya waliojifungua usiku ule, fungueni kitabu namba 12. Kile kinaandikwa kwa mkono umeme uwepo usiwepo, ndiyo shahidi wenu wa nje.

#21 Binti_Majengo
Jamani hamjagusa la wagonjwa wapya. Mfumo ukiwa umelala huna namba ya faili. Usiku mmoja Arusha unaweza kupata Neema Mollel wawili, Moshi ukapata akina Massawe watatu. Mnatofautishaje karatasi?

#22 Sista_Ngarenaro
Namba ya muda, iliyochapwa kabla. Boksi la dharura la wodi liwe na seti tayari: karatasi ya usajili, ya dawa, ya maelezo, ombi la maabara, zote zina namba moja, tuseme WZ-014, pamoja na vibandiko vya namba hiyo kwa mkono wa mgonjwa na chupa za sampuli. WZ ni wazazi, wodi nyingine ina herufi zake, hivyo namba haziwezi kugongana kati ya wodi. Usitumie namba ya simu kama namba ya mgonjwa. Mama na mtoto wake wanayo moja, na mara nyingi ni ya baba.

Kwenye usajili andika majina matatu, tarehe ya kuzaliwa au umri, mtaa au kijiji, simu, namba ya kadi ya bima kama ipo. Mfumo ukirudi, kwanza tafuta, usisajili. Anza na simu, halafu kadi, jina liwe la mwisho kwa sababu Mollel ameandikwa Molel, Mollell na Moleli. Ukimsajili upya mtu mwenye faili, mzio wake umebaki faili la zamani na wewe unaangalia faili safi. Ukishampata, andika namba halisi juu ya kila karatasi, na namba ya muda iandikwe kwenye mfumo. WZ-014 isifutwe popote, maana majibu ya maabara ya usiku yanarudi na hiyo hiyo.

#23 Fundi_Maabara_Kaloleni
#22 hapo mwisho umenigusa. Mashine ya damu inaendelea kufanya kazi hata mfumo umelala, inahifadhi majibu yenyewe. Mawasiliano yakirudi inayamwaga yote kwa mkupuo. Kama mtu wa zamu alibonyeza 014 bila WZ, na wodi ya watoto nayo ina 014, jibu linaingia kwa yeyote mfumo utakayempata kwanza. Sisi tunaomba mashine isiunganishwe tena mpaka daftari la maabara lilinganishwe na orodha yake. TEHAMA hufurahia kuunganisha haraka.

#24 SevaNaNyaya
#23 hatufurahii, tunapigiwa simu na wakubwa 😅 Lakini sawa, iwekwe kwenye utaratibu: mashine za maabara ziunganishwe mwisho, kwa sahihi ya maabara.

Nami niwaulize wa wodini jambo. Seva ikifa kabisa tunarudisha nakala ya akiba. Kama nakala ya mwisho ni ya saa 6 mchana, na seva imekufa saa 3:30 usiku, vilivyoingizwa kati ya hapo havipo. Hakuna karatasi yake kwa sababu mfumo ulikuwa mzima. Hilo pengo mnalijazaje? Watu wanakazana na karatasi za usiku, wanasahau mchana mzima.

#25 Dokta_Soweto_Moshi
Hili ndilo swali gumu kuliko yote kwenye uzi. Wodini hatujui kama mmewasha seva ile ile au mmerudisha nakala. Mfumo unafunguka, jina la mgonjwa lipo, unaendelea. Mngetutangazia: "rekodi ya mwisho iliyopo ni ya saa fulani". Tukijua, kila wodi inafungua mgonjwa mmoja aliyepata huduma jioni na kuangalia kama ipo.

Kujaza ni kwa kuokoteza. Risiti za famasia, daftari la maabara, kitabu cha makabidhiano ya zamu, vitabu vya MTUHA, na wauguzi wa jioni kabla hawajasahau. Hicho kinachotoka kwenye kumbukumbu ya mtu kiandikwe hivyo, "kwa maelezo ya fulani", kisichanganywe na kilichotoka kwenye karatasi.

#26 Mzee_wa_Takwimu
Wengine huchapa orodha ya wagonjwa na dawa zao kila baada ya saa chache kwenye printa ya wodi, ili mfumo ukilala kuwe na karatasi ya mwisho. Inapunguza pengo la #24, kama printa ina wino. Mara nyingi haina.

#27 Pasua_Wodini
Narudi kwenye kesi yangu. Tumerekebisha: dozi ya kuanzia 22:40 tarehe 14, ya kuendeleza 02:40 tarehe 15. Hatukufuta mistari ya makosa, mfumo umeiwekea alama ya "imeingizwa kimakosa" na inaonekana. Mama dozi yake ilitolewa 06:40 kwa kufuata karatasi.

Sasa lililobaki. Sista wa usiku aliendelea kuandika kwenye karatasi mpaka saa 12:30 asubuhi, wakati mfumo umerudi saa 10:50. Kuna vipimo vya presha viko karatasi tu, vingine viko mfumo tu, na kimoja kiko kote na namba hazilingani.

#28 Sista_Ngarenaro
Mlikosa mstari wa kufungia. Mfumo ukirudi hakuna kuhamia wodi nzima kwa mpigo. Msimamizi wa zamu anatangaza saa ya kuhama, tuseme 05:30. Mpaka hapo kila kitu ni karatasi hata kama skrini inawaka, kwani mfumo uliorudi saa 04:50 unaweza kulala tena saa 05:05. Ikifika saa hiyo, kila karatasi ya mgonjwa ambaye dawa zake zimeshaingizwa inapigwa mstari chini ya neno la mwisho, inaandikwa "kuanzia hapa mfumo, 05:30" na sahihi. Chini ya mstari haiandikwi kitu. Dawa zinazoendelea zinaingizwa kwanza, kabla ya maelezo, na mgonjwa ambaye dawa zake hazijaingizwa anabaki kwenye karatasi yake, wengine wanatangulia.

Hicho kipimo kinachogongana, vyote viwili vibaki, kila kimoja na chanzo chake. Usichague kizuri.

#29 Binti_Majengo
Na aliyekosea kwenye karatasi akate kwa mstari mmoja, kosa lisomeke, aweke herufi za jina na saa. Nimeona karatasi zimepakwa wino mweupe mpaka zimekuwa ngumu kama ubao.

#30 Kisongo_Mpole
Baada ya kuingiza karatasi zinachomwa au?

#31 Dokta_Soweto_Moshi
Kisongo! Karatasi ndiyo rekodi ya asili, kilichoingizwa kwenye mfumo ni nakala. Inaingia kwenye faili. Ikitokea mzozo ni hiyo itakayoombwa.

#32 Mzee_wa_Takwimu
Na kabla ya kuingia faili, zihesabiwe. Wodi ilitolewa seti 50, zimetumika 37, zimerudi tupu 11. Mbili ziko wapi? Mpaka zipatikane kazi haijaisha, kwa sababu seti iliyopotea inaweza kuwa ya mgonjwa aliyehamishiwa wodi nyingine saa 9 usiku na karatasi ikaenda naye mfukoni mwa mhudumu. Iliyoharibika irudishwe na kuandikwa "imeharibika", isitupwe. Hesabu ya mwisho iwe hivi: zilizotoka ni sawa na zilizoingizwa, zilizoharibika na zilizorudi tupu.

#33 Sista_Ngarenaro
Sasa hapo kwenye saa. Mimi bado nasema karatasi iwe na saa za mfumo tu, 02:40. Fomu ichapwe na visanduku vinne vya tarakimu na kisanduku cha tarehe kila mstari.

#34 Mzee_wa_Takwimu
Nami bado nasema siyo. Mtu aliyekesha anafikiri saa 8:40, saa ya ukutani inasema 2:40, ukimlazimisha 02:40 kuna siku ataandika 14:40. Fomu iwe na safu mbili: saa kama anavyoisema, na pembeni saa ya mfumo. Zikigongana karani anajua aulize. Ikiwa moja tu, kosa halina cha kulishtaki.

#35 Sista_Ngarenaro
Safu mbili ni kazi mara mbili kwa mtu aliyevaa glavu. Nusu ya mistari utaikuta safu moja imejazwa, na hutajua ni ipi.

#36 Mzee_wa_Takwimu
Utajua, kama safu zina vichwa.

#37 Fundi_Maabara_Kaloleni
Kwa upande wetu tunaandika za mfumo, lakini sisi tuna mashine yenye saa mbele ya macho. Wodini sijui.

#38 Pasua_Wodini
Tutajaribu safu mbili kwenye wazazi na safu moja kwenye upasuaji, tuone zipi zinarudi na maswali mengi. Swali dogo la mwisho: seti zetu zinaanza upya WZ-001 kila mwezi. Majibu ya maabara yaliyochelewa ya WZ-001 ya mwezi uliopita yamekuja leo na tuna WZ-001 mpya kitandani. Namba zisianze upya kabisa, au tuongeze mwezi mbele?

#39 Fundi_Maabara_Kaloleni
Zisianze upya. Mwezi mbele unafanya namba iwe ndefu, na kibandiko cha chupa ya watoto hakina nafasi.

#40 Binti_Majengo
Sisi tunaweka mwezi, herufi moja tu, A mpaka L. Inaenea. Ila usiku wa kuamkia tarehe 1 ni ule ule mzozo wa Mzee wa Takwimu.